Kushusha video ya HDR hadi SDR bila rangi kupauka: njia tatu, na nani achukue ipi

Klipu nilizoletewa zilikuwa za sendoff ufukweni Bagamoyo. Ndugu wa bibi harusi alizirekodi kwa iPhone, na kwenye simu yake zilikuwa zinang'aa kweli: kanga nyekundu ya mama mkubwa ikiwaka, shela jeupe, bahari nyuma yao inametameta. Nikaziweka kwenye kompyuta ya kuhariria, na kila kitu kikafanana na nguo iliyofuliwa mara mia. Shela likawa rangi ya majivu, kanga ikawa kama tofali la zamani, na ngozi za watu zimekosa damu. Mwenye klipu alipoona alisema, "Kaka, mbona umeziharibu?" Sikuwa nimegusa kitu.

Kama hili limekukuta, huenda umeshaelezwa njia tatu na hujui ushike ipi: programu ya amri ffmpeg na kichujio chake cha `tonemap`, ffmpeg hiyohiyo na kichujio cha `libplacebo`, au programu ya kuhariri DaVinci Resolve. Zote tatu zinafanya kazi. Zinatofautiana katika vitu ambavyo kwa mtu mmoja ni vikubwa na kwa mwingine havimhusu kabisa. Nitatumia klipu za Bagamoyo kama kipimo kwa zote.

Kwanza, rangi zinapauka kwa nini

Simu za iPhone kuanzia namba 12, ya mwaka 2020, zinaweza kurekodi HDR, yaani video yenye nafasi kubwa zaidi ya mwanga na rangi kuliko SDR ya kawaida, na nyingi ziko hivyo bila mwenyewe kujua. Faili lake hutumia mkunjo wa mwanga unaoitwa HLG, uliobuniwa na mashirika ya utangazaji BBC ya Uingereza na NHK ya Japani, pamoja na uwanja mpana wa rangi unaoitwa BT.2020. Filamu za HDR kwa kawaida hutumia mkunjo mwingine, PQ. Skrini na programu za kawaida zinategemea BT.709, yaani SDR.

Shida inaanza pale namba za HLG zinaposomwa kana kwamba ni za SDR. Chukua shela. Katika HLG, weupe wa kawaida, ule wa karatasi au shati jeupe, umewekwa kwenye asilimia 75 ya kipimo ili juu yake ibaki nafasi ya jua, taa na mimetameto ya maji. Skrini ya SDR ikipewa 75 hiyo na kuisoma kwa mkunjo wake wa 2.4, inatoa kama nusu tu ya mwanga wake. Shela linakuwa kijivu. Kwenye PQ hali ni mbaya zaidi, maana weupe uleule uko kwenye asilimia 58 hivi, na skrini ya SDR itatoa kama robo ya mwanga wake. Ndiyo maana faili la PQ lisilogeuzwa huonekana limefunikwa ukungu kabisa, na la HLG huonekana limechoka tu.

Rangi nayo ina kesi yake. Nyekundu iliyo kali kuliko zote ndani ya BT.709 ni nyekundu tupu, haina kijani wala bluu. Nyekundu hiyohiyo ikielezwa kwa BT.2020, mwanga wake unagawanyika: takriban 63 nyekundu, 7 kijani na 2 bluu. Halafu mkunjo wa HLG unaziinua zile ndogo, kijani kinafika 23 na bluu 11, huku nyekundu ikiwa 66. Skrini isiyojua habari hii inachanganya rangi kwa namba ilizopewa, na ndipo kanga inapogeuka tofali.

Kwa hiyo kuongeza ukolezo wa rangi peke yake si tiba. Utaongeza, kanga itaamka kidogo, nyuso zitakuwa za chungwa, na shela litabaki kijivu kwa sababu kijivu hakina rangi ya kukoleza. Dawa nyingine ya uongo ni kubadilisha lebo za faili ziseme BT.709 bila kugusa picha yenyewe. Hiyo ni kuliambia faili lidanganye, na matokeo yake ndiyo ule upaukaji ulioukimbia, sasa ukiwa umegandishwa.

Kabla ya lolote, uliza faili lenyewe:

```
ffprobe -v error -select_streams v:0 -show_entries stream=pix_fmt,color_space,color_transfer,color_primaries harusi.mov
```

Klipu za Bagamoyo zilijibu hivi:

```
pix_fmt=yuv420p10le
color_space=bt2020nc
color_transfer=arib-std-b67
color_primaries=bt2020
```

`arib-std-b67` ndilo jina la HLG hapa. Ukiona `smpte2084`, hiyo ni PQ. Ukiona `bt709` kote, faili lako ni SDR tayari, na upaukaji wake una sababu nyingine. Ukiona `unknown`, lebo zimepotea njiani, na itabidi umuulize aliyerekodi.

Ninachopima

Nimeziuliza njia zote maswali manne. Weupe wa kawaida unarudi kuwa weupe? Rangi kali kama za kanga na kitenge zinabaki na mikunjo yake, au zinageuka bapa? Sehemu zenye mwanga mkali, kwangu mimi bahari na mawingu, zinabaki na kitu ndani yake? Na mwisho, kazi yenyewe: inataka mashine gani, na ukiwa na klipu 60 utakesha?

Jambo moja linazihusu zote. Mwanga wa skrini hupimwa kwa niti: HLG ya kawaida huhesabiwa kwa skrini ya niti 1,000, na SDR kwa niti 100. Huwezi kumimina ndoo kwenye kikombe bila kuamua nini kimwagike. Kugeuza huku ni kubana mwanga, na kila njia ina tabia yake ya kuamua nani abanwe.

Njia ya kwanza: ffmpeg na kichujio cha `tonemap`

Hii ndiyo amri utakayoikuta imenakiliwa kila mahali, ila kwa kawaida huandikwa `hable` pale nilipoandika `mobius`, zote mbili zikiwa fomula za kubana mwanga. Nitaeleza kwa nini.

```
ffmpeg -i harusi.mov -vf "zscale=t=linear:npl=100,format=gbrpf32le,zscale=p=bt709,tonemap=mobius:desat=0,zscale=t=bt709:m=bt709:r=tv:d=error_diffusion,format=yuv420p" -c:v libx264 -crf 18 -c:a aac harusi_sdr.mp4
```

Isome kama safari. `zscale` ya kwanza inaunyoosha mkunjo wa HLG ili namba ziwe mwanga halisi. `npl=100` inasema kuwa niti 100 ndiyo 1. Ya pili inahamisha rangi kutoka BT.2020 kwenda BT.709. `tonemap` inabana kilichozidi. Ya mwisho inarudisha mkunjo wa SDR, na `d=error_diffusion` inatawanya mabaki ya hesabu wakati wa kushuka kutoka biti 10 hadi 8, la sivyo anga la bluu litatoka na mistari kama ngazi.

*Weupe.* Hapa ndipo wengi wanapokata tamaa na kusema njia hii haifai. Baada ya kunyooshwa, shela liko niti 203, yaani 2.03. Ukilipitisha kwenye fomula ya `hable` huku kilele, yaani mwanga mkubwa kuliko wote, kikiwa 10, linatoka na asilimia 51 ya mwanga. Sasa kumbuka lile faili lisilogeuzwa lilitoa ngapi: nusu. Umekesha unageuza, rangi zimepona, na shela liko palepale lilipokuwa! `reinhard` inalipandisha hadi kama 74, na `mobius` hadi kama 83, ambayo kwa jicho ni jeupe. Kwa watu, nguo na kuta, `mobius` ndiyo naanza nayo.

*Mwanga mkali.* Hapa `mobius` inadai chake. Ikishampa shela asilimia 83, vyote vilivyo juu yake vinagombania 17 zilizobaki. Wingu la niti 500 linafika 95, na jua lenyewe 100, kwa hiyo mawingu yanakaribia kuwa karatasi tupu. `hable` inaliweka wingu lilelile kwenye 80, na linabaki na umbo lake. Klipu ya machweo isiyo na mtu ndani yake, basi, ningempa `hable` bila kusita.

*Rangi kali.* Angalia `desat=0`. Usipoiandika, kichujio kinatumia 2, na kila chenye mwanga unaozidi niti 200 hivi kinaanza kuvuliwa rangi kuelekea weupe. Gauni la njano juani linapauka kwa sababu hiyo pekee, hata kama mengine yote umeyafanya sawasawa. Kuna upungufu mmoja ambao `desat` hautibu: rangi zilizo nje kabisa ya BT.709 zinapohamishwa na `zscale` hupata namba hasi, na mwishoni hukatwa tu. Kitenge cha zambarau kali kinaweza kutoka kikiwa doa moja lisilo na mikunjo.

*Mashine na kazi nyingi.* Haihitaji kadi ya grafiksi. Prosesa tu inatosha, hata ya kompyuta kuukuu, mradi uwe na subira, kwa sababu klipu ya 4K itachukua muda mrefu kuliko urefu wake mara nyingi. Faida yake ni kwamba unaiandika mara moja, unaizungushia klipu zote 60 kwenye folda, unaenda kulala. Na klipu zote zinapata hesabu ileile, jambo ambalo utaona umuhimu wake tukifika njia ya pili.

*Inapokwama.* Ukiona `no path between colorspaces`, faili halina lebo, na `zscale` haijui inatoka wapi. Kama una hakika ni HLG, iambie mwanzoni kabisa:

```
zscale=tin=arib-std-b67:pin=bt2020:min=bt2020nc:t=linear:npl=100
```

Kosa la pili ni la wanaochezea `npl` ili picha iwe na mwanga zaidi au pungufu. Klipu ya HLG isiyo na maelezo ya kilele, `tonemap` inaichukulia kilele chake kuwa 10, yaani niti 1,000 ukigawa kwa 100. Ukiandika `npl=203`, kilele halisi sasa ni karibu 4.9, lakini kichujio bado kinaamini 10, na picha inazidi kuwa giza kuliko ulivyotarajia. Ukibadilisha moja, badilisha na ya pili, kwa mfano `tonemap=mobius:desat=0:peak=4.93`. Mimi naiacha 100 na kubadilisha fomula badala yake.

Inamfaa nani? Mwenye folda kubwa na mashine ya kawaida, asiyeogopa kuandika amri, na anayetaka klipu zote zitoke sawa.

Njia ya pili: ffmpeg na `libplacebo`

Amri ni fupi:

```
ffmpeg -init_hw_device vulkan -i harusi.mov -vf "libplacebo=tonemapping=bt.2390:colorspace=bt709:color_primaries=bt709:color_trc=bt709:range=tv:format=yuv420p" -c:v libx264 -crf 18 -c:a aac harusi_sdr.mp4
```

*Weupe.* Kwa klipu nyingi, weupe unatoka vizuri bila kusumbuka, kwa sababu `libplacebo` haikisii kilele. Inaangalia kila fremu, inapima mwanga wake mkubwa ni upi, halafu inabana kwa kadiri ya hicho. Klipu ya ukumbini ambako hakuna kitu cha kufika niti 1,000 haibanwi kana kwamba kuna jua ndani. Ile klipu ya akina mama wakiwa jikoni, ambayo `tonemap` iliitoa imefifia kidogo, hapa ilitoka safi kwa mara ya kwanza.

*Rangi kali.* Hapa inaizidi njia ya kwanza waziwazi. Rangi zilizo nje ya BT.709 hazikatwi kwa panga, zinavutwa taratibu kuingia ndani, na mikunjo ya kitenge inabaki. Mpangilio wake wa kawaida ni `gamut_mode=perceptual`, na sijapata sababu ya kuugusa.

*Mwanga mkali.* Mawingu yanatoka na umbo lake, na shela halilipi gharama kubwa kwa hilo. Lakini uhodari wa kupima kila fremu una upande wa pili. Katika klipu moja mpiga picha alianza kwa bibi harusi akiwa kivulini, akazungusha simu polepole hadi baharini. Kadiri maji yanavyoingia kwenye picha, kilele kinapanda, na uso wa bibi harusi unapoa kidogo, kana kwamba wingu limepita. Programu hulainisha mabadiliko haya yasije kwa kishindo, ila jicho lililozoea linayaona. Vilevile, klipu mbili za tukio moja kutoka pembe mbili tofauti zinaweza kutoka na mwanga tofauti, kwa sababu moja ina bahari nyuma na nyingine ina ukuta. Ukiziunganisha, mruko unaonekana kila unapokata.

Dawa ni kuongeza `peak_detect=0`. Upimaji unazimwa, na hesabu inakuwa moja kwa klipu zote. Unapoteza baadhi ya utamu wake, lakini rangi bado zinalindwa.

*Mashine na kazi nyingi.* Inataka kadi ya grafiksi inayoelewa Vulkan, na ffmpeg iliyojengwa ikiwa na kichujio hiki. Jipime hivi kabla hujapanga ratiba:

```
ffmpeg -filters | grep libplacebo
```

Kama hakuna kinachorudi, ffmpeg yako hainacho. Kwenye Windows bila `grep`, tumia `findstr` mahali pake. Kadi ikiwepo, kasi ni ya kufurahisha: ubanaji wa mwanga hauwi tena kikwazo, na kinachokuchelewesha ni uandikaji wa faili jipya. Kwa kazi ya folda nzima ni rahisi kama njia ya kwanza.

*Inapokwama.* Kwenye kompyuta za zamani itakataa kuanza kwa kukosa kifaa cha Vulkan, na hapo hakuna ujanja, rudi njia ya kwanza. Shida nyingine ni ya uzembe wangu mwenyewe: nilisahau `color_trc` siku moja, nikatoa faili lenye rangi za BT.709 na mkunjo wa HLG. Lilipauka nusunusu, na nililitafuta kosa saa nzima. Siku hizi, kila nikimaliza, naliendesha lile faili jipya kwenye `ffprobe` tena, na nataka kuona `bt709` mara tatu.

Inamfaa nani? Mwenye kadi ya grafiksi ya kisasa kiasi, mwenye klipu za aina nyingi zilizorekodiwa mazingira tofauti, na asiye na muda wa kuangalia moja moja.

Njia ya tatu: DaVinci Resolve

Hapa unaacha kuandika amri, unaanza kuangalia. Toleo la bure linaweza kutosha kwa kazi hii mradi lifungue H.265 ya biti 10 kwenye mashine yako, isipokuwa kwenye Linux, ambako toleo hilo halifungui H.264 wala H.265, na klipu za iPhone ni H.265.

Ukurasa wa Color, ambako kila hatua ya marekebisho ni nodi, weka athari inayoitwa Color Space Transform kwenye nodi ya mwisho ya klipu. Input Color Space iwe Rec.2020, Input Gamma iwe Rec.2100 HLG, Output Color Space iwe Rec.709, Output Gamma iwe Gamma 2.4. Tone Mapping chagua DaVinci, na Gamut Mapping chagua Saturation Compression. Hiyo ya mwisho ndiyo inayofanya kazi ya kuvuta rangi za nje taratibu, kama ile ya `libplacebo`.

*Weupe.* Unatoka pale unapotaka wewe, kwa sababu unauona na kuusogeza. Siri ni mpangilio wa nodi. Nodi ya marekebisho iwekwe kabla ya nodi ya kugeuza. Ukipunguza mwanga wa bahari kabla, unafanya kazi na HDR kamili, na mawingu bado yamo. Ukifanya baada, mawingu yameshabanwa, na utakachopunguza ni weupe uwe kijivu. Nimeona wahariri wazoefu wakilalamika kwamba geuzo "limekula" anga, kumbe nodi zimepishana.

*Rangi kali.* Ni nzuri kama njia ya pili, na unaweza kuishika kanga peke yake ukaikoleza bila kugusa uso wa mtu. Hakuna amri itakayokufanyia hivyo.

*Mwanga mkali.* Klipu ya kuzungusha simu, ile iliyonisumbua kwenye `libplacebo`, niliimaliza hapa. Geuzo halipimi fremu, kwa hiyo uso haukupoa. Bahari niliishusha mwenyewe kwenye nodi ya kwanza, taratibu, kuanzia pale maji yanapoingia.

*Mashine na kazi nyingi.* Resolve ni nzito, inataka kadi ya grafiksi na kumbukumbu ya kutosha, na klipu za 4K za H.265 zinaifanya laptopu ndogo ihemee. Klipu 60 zinawezekana, maana unanakili nodi kutoka klipu moja kwenda nyingine, lakini bado wewe ndiye uliyekaa kwenye kiti. Na macho yako yanategemea skrini yako. Kama skrini yako imewekwa rangi za baridi, kila uamuzi utaegemea upande wa pili.

*Inapokwama.* Kuna makosa mawili ninayoyaona sana. La kwanza ni kugeuza mara mbili: mradi umewekwa kwenye DaVinci YRGB Color Managed, ambao unasoma lebo na kugeuza wenyewe, halafu mhariri anaweka Color Space Transform juu yake. Dalili si upaukaji, ni kinyume chake: vivuli vinakuwa vyeusi tii na rangi zinapiga kelele. Chagua moja. La pili ni la watumiaji wa Mac: picha iko sawa ndani ya Resolve, ila faili lililotoka linapauka kidogo likichezwa na QuickTime. Hilo si tatizo la HDR hata kidogo, ni Mac inavyosoma lebo ya mkunjo. Kuna Rec.709-A kwa ajili ya hilo. Usirudi kuvuruga geuzo lako.

Inamfaa nani? Anayehariri video yenyewe hapohapo, mwenye klipu chache zenye uzito, ambapo mteja atamtazama bibi harusi usoni na si folda.

Kwa hali yako

Una klipu nyingi, kompyuta isiyo na kadi ya maana, na unataka zitazamike tu: chukua `tonemap` na `mobius`, `desat=0`, uiache usiku kucha. Asubuhi angalia chache zenye anga kubwa, na hizo pekee uzirudie na `hable`.

Una kadi nzuri na klipu kutoka kwa watu kumi tofauti, kila mmoja na simu yake: `libplacebo`. Kama zitakatwa pamoja kwenye video moja ya tukio moja, ongeza `peak_detect=0`. Kama kila moja itatazamwa peke yake, usiiongeze.

Kazi ni ya kulipwa na ina nyuso: Resolve. Au changanya, kama nilivyofanya mimi mwishowe. Klipu 50 na ushee za wageni wakicheza zilipita `libplacebo` bila upimaji wa kilele, na 6 za bibi harusi na wazazi zilienda Resolve zikiwa HDR vilevile. Usizipitishe kwanza kwenye ffmpeg halafu uzipeleke Resolve kurekebishwa. Mwanga uliobanwa haurudi.

Faili ni PQ, si HLG: njia zote zinaikubali, lakini tegemea tofauti kubwa zaidi kati ya picha uliyozoea kuiona na ile iliyogeuzwa. Kwenye `tonemap`, faili la PQ ambalo maelezo yake yanataja kilele kikubwa kuliko kilicho kwenye picha, kwa mfano niti 10,000, linatoka giza totoro. Hapo kiambie kichujio kilele wewe mwenyewe, kwa mfano `peak=10` kama limetengenezwa kwa niti 1,000. Kwenye `libplacebo` upimaji wa kilele unakuokoa, hivyo uache uwashwe. Kwenye Resolve badilisha Input Gamma iwe ya PQ, yaani ST2084.

Na kama harusi yenyewe haijafika bado, na simu itakuwa mkononi mwa mtu wako, kuna njia ya nne isiyo na geuzo lolote. Kwenye iPhone fungua Settings, Camera, Record Video, zima HDR Video. Utapoteza mawingu ya Bagamoyo, lakini klipu zitafika zikiwa SDR. Yule ndugu wa bibi harusi nilimwonyesha hapohapo, akazima. Wiki mbili baadaye ameleta klipu za harusi, nimeziendesha `ffprobe`, zimejibu `arib-std-b67`. Alirekodi kwa simu ya mkewe.